Kwa mawakili vijana: msitafute wajibu ambao haujapotea

Wanangu,

Shikamoo zenu nazipokea kila nipitapo mahakamani, na marahaba. Leo naandika nimekereka, kwa hiyo mnivumilie.

Nimesoma hukumu ya shauri la mama aliyegongwa na bodaboda akivuka barabara. Mguu ulivunjika, PF3 ilikuwepo, mchoro wa eneo la ajali ulikuwepo, na muuza genge aliyeona kila kitu alikuwa tayari kusema. Wakili wa mama, kijana mwenye akili, aliwasilisha hoja za maandishi. Karibu zote zilihusu swali moja: je, dereva ana wajibu wa uangalifu kwa mtu anayevuka barabara? Akathibitisha kwamba madhara yalitabirika, kwamba kulikuwa na ukaribu, na kwamba ni haki na busara wajibu huo uwepo. Uzembe wenyewe, yaani mwendo wa ile pikipiki na mahali breki ziliposhikwa, aliupa aya moja. Muuza genge hakuitwa. Mwenzake wa upande wa pili alipoona jambo lililokwisha limefunguliwa upya, naye akaingia, akahoji kama ni haki kuwabebesha mzigo huo vijana wanaojitafutia riziki. Mwishowe hakimu akasema wajibu haukuwa na ubishi wowote, ila kuvunjwa kwake hakukuthibitishwa. Mama akarudi nyumbani na magongo yake, bila shilingi.

Najua mmeyatoa wapi haya. Ni zile noti za kurudufu mnazorithishana chuoni, zinazosema kesi ya Uingereza ya Caparo ya mwaka 1990 iliweka vipimo hivyo vitatu, yaani utabirifu, ukaribu, na haki na busara, na kila shauri la uzembe lazima livipite vyote. Mwanafunzi anayevitaja kwa mpangilio hupewa alama. Anayeuliza kama vinahitajika hakuna anayemsikiliza. Tumewalea kukariri, kisha tunawashangaa mkikariri mbele ya hakimu.

Someni kesi ya Robinson, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza Februari 2018, na msome hukumu yenyewe. Mwaka 2008, katika mji wa Huddersfield, askari waliokuwa wamevaa kiraia walitaka kumkamata muuza dawa za kulevya barabarani, mchana, watu wakipita. Bibi wa miaka 76 alikuwa anapita karibu nao kabisa. Purukushani ikaanza, wakamwangukia, akaumia. Mahakama ya kwanza iliona askari walizembea, lakini ikasema polisi wana kinga. Mahakama ya Rufani ya kule ikachukua vipimo vitatu, ikafika cha tatu, ikaona si haki kuwatwisha polisi wajibu kama huo wakiwa kazini.

Jaji Reed, katika Mahakama ya Juu, aliirudisha sheria mahali pake. Alisema Caparo haikuweka vipimo vya kila kesi. Swali la kwanza ni kama sheria imekwisha kuamua hali ya namna hii. Ikiwa imekwisha, wajibu upo au haupo, na mahakama haina ruhusa ya kuuliza upya kama ni haki uwepo. Mtu anayefanya tendo linaloweza kumwumiza mpita njia kwa namna inayotabirika ana wajibu wa kuwa mwangalifu, na askari ni mtu kama wengine. Askari walijua mtuhumiwa angejaribu kukimbia, na watu walikuwa karibu. Kazi ya polisi ni ngumu, naam, lakini ugumu huo hupimwa unapouliza kama askari alitenda kwa uangalifu unaostahili, hautumiki kufuta wajibu. Bibi akashinda.

Mnaona hatari ya vipimo vitatu mahali visipotakiwa? Vinampa mdaiwa nafasi ya kuomba huruma katika jambo lililofungwa, na anayelipia nafasi hiyo ni mteja wako.

Sasa, hali ikiwa mpya kweli? Hapo ndipo pa kutumia akili, na hapo pia vipimo vitatu peke yake havitoshi. Jaji Bridge alikiri ndani ya Caparo yenyewe kwamba maneno kama ukaribu na haki hayana makali ya kutosha kuwa kipimo, na kwamba sheria hukua hatua kwa hatua kwa kulinganisha na kesi zilizotangulia. Kulinganisha ndiyo kazi yenyewe.

Chukueni mfano wa Caparo yenyewe. Wakaguzi wa hesabu walipitisha hesabu za kampuni ya Fidelity zilizoonyesha faida ya paundi milioni 1.3. Kampuni ya Caparo ilinunua hisa, ikaendelea kununua mpaka ikaichukua kampuni nzima, kisha ikadai kwamba ukweli ulikuwa hasara ya zaidi ya paundi 400,000. Je, wakaguzi walikuwa na wajibu kwa mnunuzi? Wekeni kando yake kesi ya Smith, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, mwaka mmoja tu kabla. Mthamini aliajiriwa na taasisi ya mikopo kukagua nyumba ya kawaida. Ripoti ikasema haihitaji matengenezo makubwa, kumbe dohani ilikuwa imeachwa bila kishikizo, na baadaye matofali yakaanguka ndani. Mnunuzi hakuwa na mkataba na mthamini, lakini alishinda.

Tofauti iko wapi? Wanunuzi wote wawili walitegemea ripoti iliyoandikwa kwa ajili ya mwingine, na wote walipoteza fedha. Lakini mthamini alijua ni nani atakayeitegemea ripoti yake, kwa nyumba ipi na kwa ununuzi upi, na mnunuzi ndiye aliyelipa ada ya ukaguzi. Mkaguzi wa hesabu aliandika ripoti ambayo sheria inaitaka kwa ajili ya wanahisa wote kuisimamia kampuni yao, na yeyote angeweza kuichukua kwa biashara yoyote, ya kiasi chochote. Kwa hiyo Caparo ilishindwa. Swali la haki na busara lilipata jibu kutoka kwenye tofauti hizo.

Basi ukiletewa jambo geni, tuseme kampuni ya simu imetoa alama ya mkopo yenye makosa na mkulima akanyimwa pembejeo, usianze na utabirifu. Uliza kampuni ilijua nini kuhusu mkulima huyo, alama ilitolewa kwa nani na kwa shughuli gani, kisha uone inasogelea zaidi mthamini au mkaguzi.

Mengine nayataja tu. Kutomwokoa mtu si sawa na kumwumiza: kwa kawaida hakuna wajibu wa kumkinga mwingine, isipokuwa ulijitwika jukumu hilo, au hatari uliiunda wewe, au anayeumiza yuko chini ya udhibiti wako. Hasara ya fedha tupu hutazamwa kwa ukali kuliko mfupa uliovunjika. Na kesi za Uingereza baada ya 22 Julai 1920 hazitufungi hapa Tanzania, zinashawishi tu, kwa hiyo tafuteni kwanza Mahakama yetu ya Rufani imesema nini.

Mkiandika hoja za ajali ya barabarani, wajibu upewe sentensi moja na kesi moja ya rejea. Kurasa zinazobaki wapeni muuza genge, mchoro wa polisi na breki za ile pikipiki.

Ni mimi mzee wenu,
Wakili mstaafu, Moshi