Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Njia ya Malindi–Watamu Inataka Magari Mangapi

Ndugu wanachama, assalamu aleikum na habari za jioni.

Hesabu za fedha mtasomewa na mhazini, na habari za bima na ukaguzi wa magari mtazipata kwa katibu. Mimi nitakaa kwenye jambo moja ambalo limetugombanisha mwaka mzima. Mezani nina barua ya wenzetu wanaotaka tupokee magari manne mapya katika njia ya Watamu. Sababu yao ni kwamba abiria wanasimama muda mrefu. Ni kweli walikuwa wanasimama. Lakini tuna magari 18 katika njia hiyo, na kabla ya mpango tunaoutumia sasa, siku nyingi nilikuwa nikifika steji saa 4 asubuhi nayakuta kumi yamepanga foleni, madereva wamelala vitini na makanga wanacheza bao chini ya mwarobaini, huku mama yuko Msabaha na kapu lake hajaona gari kwa dakika 25. Njia yenye magari mengi na abiria wengi wanaongoja haina uhaba wa magari. Ina uhaba wa mpango.

Nianze na kosa, na ni langu na kamati yangu. Mnakumbuka mwanzoni mwa mwaka tulitangaza kwamba gari litaondoka Malindi kila dakika 10, lijae lisijae, na tukateua magari manane kwa kazi hiyo. Nane tulilipata hivi: kwenda ni dakika 40, kurudi 42, jumla 82. Tukagawanya kwa 10, tukapata nane na kipande kidogo, kile kipande tukakitupa. Makofi yalipigwa humu humu ukumbini.

Siku ya kwanza gari la mbele liliondoka saa 12 kamili asubuhi. Kwa daftari letu, lilitakiwa kuondoka tena saa 1:20, kwa sababu magari manane yakiachana dakika 10 zamu humrudia wa kwanza baada ya dakika 80. Liliingia steji, likashusha, likapakia, likawa tayari saa 1:36. Raundi ya pili ikaisha saa 3:12 badala ya saa 2:40. Kila raundi ilikuwa inakula dakika 16 za raundi inayofuata. Madereva wakaanza kukimbia, makanga wakawaruka abiria wa Gede, na mimi nikapigiwa simu mpaka betri ikaisha. Wiki ya pili tukarudi kwenye mtindo wa zamani wa kungoja gari lijae, na wengi wakasema ratiba ni mambo ya wazungu, si ya Malindi.

Ratiba haikuwa na kosa. Sisi tulisahau kwamba gari haligeuki steji kama mpira unaodunda ukutani. Dakika 82 ni za kuwa barabarani tu. Hata dereva angekuwa malaika, 82 haziingii kwenye 80, sembuse kushusha mizigo, kupakia, kupata maji na kwenda msalani.

Hapo ndipo tulipomkabidhi kijana wetu wa steji daftari na saa. Aliandika tripu 40 za kila upande, zote za saa za msongamano. Tripu ya kawaida ya kwenda ilikuwa zile dakika 40, lakini tripu tisa katika kila kumi zilimalizika ndani ya 45. Kurudi ilikuwa 42, na tisa katika kumi ndani ya 49. Tofauti hizo, tano upande wa Watamu na saba upande wa Malindi, ndizo zinazotuambia gari likae steji muda gani. Muda wa kukaa hautolewi hewani. Kazi yake ni kumeza uchelewaji wa tripu iliyotangulia, ili tripu inayofuata ianze kwa saa yake. Ukiukata kwa kuona dereva amekaa bure, uchelewaji wa asubuhi utaukuta bado unatembea nawe jioni.

Tukaweka basi dakika 6 Watamu na 8 Malindi. Raundi nzima, kutoka kuondoka Malindi mpaka kuwa tayari kuondoka tena, ikawa 40 na 6 na 42 na 8, yaani dakika 96.

Sasa gawanya 96 kwa magari manane tuliyokuwa nayo: unapata 12. Sisi tuliandika kila dakika 10 ubaoni, na magari yakatoa kila dakika 12. Yangeendelea kutoa 12 hata tungeandika 5.

Je, dakika 10 zenyewe tulizitoa wapi? Hizo hatukukosea. Kijana alisimama Msabaha, mahali gari linapokuwa limebeba zaidi asubuhi, akahesabu vichwa vinavyoelekea Watamu katika saa ile nzito ya wafanyakazi wa hoteli. Vilikuwa 66. Gari letu lina viti 14, lakini ukipanga kwa 14 umepanga kwa kujaa kila mara, na abiria hawaji kwa mafungu ya 14. Tumepanga kwa 11. Ukigawanya 66 kwa 11 unapata magari sita kwa saa, ambayo ni gari moja kila dakika 10.

Kwa hiyo 96 gawanya kwa 10 ni 9.6. Gari halina sehemu ya kumi, na kipande hupandishwa, hakishushwi. Ni magari kumi. Na magari kumi yakiachana dakika 10, raundi lazima iwe dakika 100 kamili, la sivyo wa kwanza atarudi kabla ya zamu yake. Zile dakika 4 zilizozidi tumezipeleka kwenye steji ya Malindi, ambako kuna nafasi na kivuli, kwa hiyo gari hukaa Malindi dakika 12. Watamu pamebana, na magari mawili yakikutana pale tuktuk hazipiti. Malindi, gari likikaa 12 na linalofuata likija kila 10, utayakuta mawili pamoja kwa dakika mbili tu. Si kumi chini ya mwarobaini.

Kuna mtu atauliza kama tunaweza kufanya kwa tisa. Tunaweza, raundi ikishuka mpaka 90. Ikiwa 91, bado ni kumi. Dakika 6 hizo najua ziko wapi: ni ile tabia ya gari kutoka steji kisha kuzunguka mjini kutafuta abiria wawili kabla ya kushika barabara kuu. Kijana aliipima peke yake, na kwa kawaida inakula dakika 7. Abiria wawili wanatugharimu gari zima, pamoja na mafuta yake na dereva wake. Lakini sitaki kuwadanganya kwamba tabia hiyo itakwisha mwaka huu, kwa hiyo tumebaki na kumi.

Mchana mambo ni mengine. Kati ya saa 3 asubuhi na saa 10 alasiri njia huwa nyepesi, tripu ni dakika 36 kila upande, na abiria wanatosha gari moja kila dakika 15. Raundi ni 72 na zile 14 za steji, jumla 86. Gawanya kwa 15, unapata 5.7, yaani sita. Magari manne yanapumzika, na ndiyo nafasi ya kubadilisha oili, kula, na kuswali adhuhuri bila mtu kupiga honi mlangoni mwa msikiti.

Juu ya kumi tumeongeza mawili ya akiba, kwa sababu kila siku kuna gari lenye pancha au lililoitwa kwenye ukaguzi. Jumla 12. Na hapa ndipo mlipokasirika, kwa sababu magari ni 18. Sita yafanye nini?

Ratiba ya siku ina kuondoka mara 72 kutoka Malindi, mpaka zile mbili za mwisho baada ya saa 2 usiku. Magari 18 yakitoka yote, kila moja linapata raundi 4, na kwa siku tatu ni 12. Yakitoka 12 kwa kupokezana, kila moja linafanya siku mbili na kupumzika moja, na linapata raundi 6 kwa siku. Kwa siku tatu ni 12 vilevile. Mwenye gari hapotezi hata raundi moja. Anachookoa ni ada ya steji ya siku ya tatu na posho ya dereva na makanga ya siku hiyo. Tukipokea magari manne mapya, raundi zitabaki 72, zikigawanywa kwa 22. Abiria wa Msabaha hatapata gari la ziada, na kila mmoja wenu atapungukiwa.

Madereva wana haki ya kulalamika, kwa sababu posho ya siku ya tatu tunayoiokoa sisi inatoka mfukoni mwao. Tumekubaliana kwa majaribio kwamba walipwe kwa raundi. Wengine wameridhika, wengine bado hawajaridhika, na sitajifanya kwamba shauri hilo limekwisha.

Mpango mpya tumeutumia miezi minne. Nikitaka kujua kama umekaa sawa siangalii mapato kwanza, naangalia daftari la steji: gari lililoingia limekaa dakika ngapi kabla ya kuondoka? Likikaa chini ya dakika 4 siku tatu mfululizo, raundi imerefuka na hesabu ya 96 haina kazi tena. Ilitokea mvua za masika zilipokatakata barabara ya Gede kuelekea Watamu. Tripu ilifika dakika 50, raundi ikawa 114. Hatukuwa na gari la kumi na mbili lililo salama siku hizo, na kwa magari 11 isingewezekana kila dakika 10. Tulitangaza kila dakika 11 na mambo yakatulia. Bahati yetu, msimu huo hoteli nyingi zimefungwa na abiria ni wachache.

Ramadhani nayo ina hesabu yake. Msongamano wa jioni unahamia kabla ya magharibi, kila mtu anataka kufuturu kwake, na baada ya adhana steji ni tupu. Mwaka huu tuliendesha kwa ratiba ya kawaida, na magari matano yakabaki Watamu bila abiria wakati wa futari. Kamati ijayo ipime upya wiki ya kwanza ya mfungo, tripu 40 kila upande, kabla ya kubandika chochote ubaoni.

Barua ya magari manne iko mezani. Msimamo wa kamati ni kuikataa mpaka hesabu ya vichwa Msabaha ipite 66 katika saa ile ya asubuhi. Daftari liko kwa katibu, na kila mwanachama anaruhusiwa kulisoma kabla hatujapiga kura.