Mbona ankara yangu imezuiliwa na sehemu zote zimejaa?

Lalamiko hili hutufikia sisi tunaokagua ankara za wateja kabla ya kudai kodi ya manunuzi, kila unapokaribia wakati wa ritani. Mteja hufungua jedwali la ankara zake tulilomtumia, huona kila safu ina kitu, kisha huuliza kwa nini mstari mmoja umewekewa alama nyekundu na kodi yake ya manunuzi haikuingizwa kwenye dai. Wengine huongeza kwamba tunawatoza kwa kazi ambayo programu ya kusoma ankara zilizoskaniwa imeshaimaliza.

Jibu letu ni kwamba safu kujaa na ankara kukamilika ni mambo mawili tofauti. Programu husoma picha na kuandika inachoona, lakini programu nyingi pia hujaza mapengo kwa kukisia. Mkaguzi wa kodi haji kuangalia jedwali. Anataka ankara yenyewe.

Tuchukue ankara iliyoskaniwa ambayo kwenye jedwali inasomeka hivi: bei kabla ya kodi 46,000, kiwango asilimia 15, kodi 6,900, jumla 52,900. Hesabu inakubali pande zote. Ukifungua picha, unakuta muuzaji ameandika kiasi kimoja tu, 52,900, na chini yake maneno "kodi imejumuishwa". Programu imechukua jumla, ikazidisha kwa 15, ikagawa kwa 115, ikapata 6,900. Ndiyo maana hesabu imekaa sawa: imepimwa kwa tarakimu iliyozaliwa na jumla hiyohiyo. Pale sheria inapotaka kiasi cha kodi kionyeshwe peke yake, ankara hiyo ina upungufu, hata kama tarakimu ni sahihi kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama thamani ni sahihi, tunauliza imetoka wapi. Katika faili tunazotoa, kila sehemu hubeba chanzo chake:

```
jumla: 52900.00 | chanzo: picha | ukurasa: 1
kodi:   6900.00 | chanzo: hesabu | ukurasa: -
```

Chanzo kikiwa "hesabu" au "orodha ya wauzaji", sehemu hiyo tunaihesabu kuwa tupu mpaka mtu aione kwa macho kwenye ukurasa. Hapo ndipo muda wetu unakwenda, na hapo ndipo ada yetu inatoka.

Sehemu inayotusumbua kuliko zote ni namba ya usajili ya mnunuzi. Ankara nyingi zina namba moja tu, ya muuzaji, juu karibu na jina lake. Programu ikikosa ya pili, mara nyingine huirudia ileile kwenye safu zote mbili. Linganisha safu hizo: zikifanana, mojawapo ni ya uongo. Zikitofautiana, bado hesabu tarakimu na tazama kama herufi O imesomwa badala ya sifuri. Kisha hakiki namba ya muuzaji kwenye rejista ya mamlaka ya kodi, maana namba yenye umbo sahihi inaweza kuwa ya kampuni nyingine, au ya mtu ambaye usajili wake ulikuwa umefutwa tarehe ya mauzo.

Maelezo ya bidhaa nayo tunayasoma. "Huduma mbalimbali" ni safu iliyojaa, lakini haimwambii mkaguzi kilichonunuliwa, wala kama kinahusiana na biashara yako.

Sasa njia ya mkato. Mteja akiambiwa namba yake haimo, huiandika kwa kalamu kwenye ankara na kuiskani upya, au huijaza kwenye jedwali. Tafadhali usifanye hivyo. Nakala ya muuzaji itabaki bila namba, na zikilinganishwa, ankara yako itaonekana imechezewa. Dai likikataliwa utalipa kodi ile, na mara nyingi riba na faini juu yake. Wakati huo huenda muuzaji ameshafunga duka. Mrudie muuzaji mapema, aifute ankara ya kwanza kwa hati ya marekebisho inayotaja namba ya ankara hiyo, kisha atoe nyingine. Akitoa mpya bila kufuta ya zamani, mauzo yale yale yanabaki na ankara mbili, na ukiingiza zote umedai mara mbili. Kama sheria ya mahali pako inaruhusu ankara fupi kwa manunuzi madogo, tunaipima kwa orodha yake fupi ya mambo yanayotakiwa, hatukusumbui kwa yasiyotakiwa.

Ankara iliyozuiliwa haijapotea. Tunaiacha nje ya ritani ya sasa na kuingiza iliyosahihishwa katika kipindi ambacho sheria inaruhusu, mradi muda wa kudai haujapita. Ndiyo maana tunaomba utume ankara zinapoingia, sio furushi zima siku mbili kabla ya ritani, wakati muuzaji hana tena nafasi ya kurekebisha chochote.