Barua ya kugharamia mwanafunzi: pale jina la mtoto si jina lako

Mama mmoja anayeuza vitenge katika soko la Kenya (komini yetu ya hapa Lubumbashi, si nchi) alituletea prizanshaji aliyochapiwa kwingine. Maneno yenyewe: "Nakubali kugharamia kila kitu cha mwanangu huko Ufaransa." Sahihi ipo, muhuri upo. Tulimshauri aandike upya.

"Kila kitu" hakihesabiki. Kwa viza ya masomo, Ufaransa inataka mwanafunzi aonyeshe angalau euro 615 za kuishi kila mwezi, yaani euro 7,380 kwa miezi 12. Minervali ya chuo huongezwa juu ya hizo. Tuseme chuo kimeandika euro 3,000: jumla ni 10,380. Basi barua iseme hivyo: "Nitamlipia minervali ya euro 3,000 na kumtumia euro 615 kila mwezi, kwa miezi 12." Anayesoma faili ataweka hesabu hiyo kando ya karatasi za benki na kulinganisha.

Ila kilichotusumbua zaidi ni majina. Kwetu mtoto anaweza kupewa jina la babu, na posnomu yake isifanane na ya mzazi hata kwa herufi moja. Afisa aliyezoea kwamba mtoto hubeba jina la baba ataona watu wawili wasiojuana: huyu anaahidi maelfu ya euro, yule anayapokea. Kwa hiyo barua itaje undugu waziwazi, "mimi ni mama yake mzazi", na cheti cha kuzaliwa kiambatane nayo. Kisha soma herufi kwa herufi. Kwa yule mama, jina lake kwenye cheti cha mtoto lilikosa herufi moja iliyopo kwenye pasipoti yake. Kosa kama hilo halifutwi kwa kalamu. Alirudi kwanza ofisi ya serikali iliyotoa cheti.

Kuhusu pesa, mwenye mshahara huleta karatasi za malipo. Mfanyabiashara ataonyesha hati ya kusajili biashara, risiti za kodi na mwendo wa akaunti wa miezi kadhaa. Akaunti iliyokaa na dola 200 halafu ikapokea 12,000 wiki moja kabla ya ombi huonekana kama pesa za kuazima. Kama umeuza kiwanja, ambatanisha mkataba wa mauzo.

Na mkiomba bursi ya masomo, ile ya wasiojiweza, msitumie barua hii hii. Mzazi anayeandika kwamba anaweza yote anampinga mtoto wake mwenyewe. Hapo mzazi aahidi kiasi kile tu ambacho bursi haitafunika.

Sisi tunachapa kwa Kifaransa, lakini sahihi utaiweka mbele ya notere au komini, si mezani kwetu. Njoo na pasipoti zote mbili, cheti cha kuzaliwa na barua ya chuo. Bila hizo nne hatuwashi mashine.