YAH: TAREHE YANGU YA MALIPO KUTOLEWA 31 NA KUWEKWA 28

Morogoro,
2 Juni 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Nilijiunga na intaneti yenu ya nyumbani tarehe 31 Januari 2025, kwa shilingi 45,000 kwa mwezi. Nilichagua siku hiyo makusudi, kwa sababu mshahara wangu huingia tarehe 30. Masharti yenu yanasema malipo hukatwa kila mwezi tarehe aliyojiunga mteja, na mwezi usio na tarehe hiyo hukatwa siku yake ya mwisho.

Februari mlikata tarehe 28. Hapo sina neno, kwa kuwa mwezi wenyewe uliishia hapo. Lakini Machi ina siku 31, nanyi mlitaka kukata tena tarehe 28! Simu yangu haikuwa na salio la kutosha, huduma ikafungwa siku hiyohiyo, na tarehe 31 nikatozwa shilingi 5,000 ili nifunguliwe. Malipo ya Februari yalipaswa kunifikisha tarehe 30 Machi, yaani siku 31. Nilipata 28 tu.

Kijana aliyepokea simu yangu aliniambia kwa upole kwamba mfumo ndivyo unavyohesabu. Simlaumu yeye. Ila nimepanga risiti zangu zote mezani na kosa linaonekana katika tarehe za kukatwa: Februari 28, Machi 28, Aprili 28, Mei 28. Mfumo unachukua tarehe ya malipo yaliyopita na kuongeza mwezi mmoja. Ukishashuka hadi 28 kwa sababu ya Februari, hauna tena kumbukumbu kwamba mimi ni mteja wa tarehe 31. Ungehesabu kila mara kuanzia siku niliyojiunga, ungekata Februari 28, Machi 31, Aprili 30, kisha Mei 31.

Jambo hili halinihusu mimi peke yangu. Aliyejiunga tarehe 29 au 30 Januari naye ameangukia 28. Aliyejiunga tarehe 31 Machi alikatwa 30 Aprili, na kwa hesabu hii atabaki kwenye 30 hadi Februari ijayo imshushe zaidi. Tarehe inashuka tu, haipandi kamwe, na kila inaposhuka anayepoteza siku ni mteja. Inaniuma kwamba mtu anaweza kulipa miaka mingi bila kugundua.

Naomba mrudishe tarehe yangu 31, mnirudishie shilingi 5,000, na mniongezee siku tatu nilizokosa mwezi Machi. Naomba pia mafundi wenu wahifadhi siku ya kujiunga ya kila mteja mahali pake, isifutwe na tarehe ya malipo ya mwisho. Majibu nayaomba kwa maandishi kabla ya tarehe 28 Juni, maana siku hiyo mfumo utakata tena, siku mbili kabla ya wakati wake.

Wenu,
Mteja wa Morogoro
(nakala za risiti nne zimeambatanishwa)