Barua kwa Rehema kuhusu zile falsafa nne

Mpenzi Rehema,

Salamu nyingi, na pole na masomo. Nyumbani hawajambo? Mwambie Mama Neema simu yake niliiona, nitampigia Jumapili. Nisamehe kukaa kimya, ila leo siwezi kungoja kwa sababu nimesoma jibu lako la mazoezi mara mbili na mtihani umekaribia.

Ulichoandika ni sahihi karibu chote. Tatizo ni kwamba swali linasema "linganisha" falsafa nne za elimu, na wewe umetoa aya nne zilizokaa kama majirani wasiosalimiana: esenshalizimu peke yake, perenializimu peke yake, halafu progresivizimu, halafu rikonstraktivizimu. Msahihishaji atakupa alama za maelezo, lakini za kulinganisha hazioni mahali popote. Halafu kuna sentensi moja imenikosesha raha: "Esenshalizimu na perenializimu zote hufundisha mambo ya msingi, kwa hiyo zinafanana." Hapo ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo tuanze hapo.

Ni kweli kwamba kwa macho ya nje zinafanana. Mwalimu yuko mbele, somo ndilo linaloongoza, mtoto hachagui cha kusoma. Ila ziulize zote mbili swali moja: kwa nini jambo hili lifundishwe? Mwanaesenshalizimu atajibu: kwa sababu mtu hawezi kuishi na kufanya kazi vizuri katika jamii hii bila kulijua. William Bagley na wenzake walipotangaza msimamo wao Marekani mwaka 1938, hofu yao ilikuwa kwamba wanafunzi wanafika sekondari bila kusoma sawasawa. Sasa angalia matokeo ya jibu hilo. Jamii ikibadilika, orodha ya msingi nayo hubadilika. Ripoti ya serikali ya Marekani ya mwaka 1983 ilitaja misingi mipya mitano kwa sekondari: Kiingereza miaka 4, hisabati 3, sayansi 3, maarifa ya jamii 3, na kompyuta nusu mwaka. Ile kompyuta ndiyo ushahidi wako.

Mwanaperenializimu hawezi kujibu hivyo. Kwake, jambo hufundishwa kwa sababu ni kweli kwa binadamu wa kila zama, na lengo ni kuikuza akili ifikiri, wala si kumwandaa mtu kwa kazi. Ndiyo maana Robert Hutchins na Mortimer Adler walishikilia vitabu vikuu vya kale, na Chuo cha Mtakatifu Yohana kule Marekani kikaanza mwaka 1937 mtaala uliojengwa juu ya vitabu hivyo. Mbinu nazo ziko mbali: mmoja anafundisha, anatoa zoezi, anapima, anarudia kwa walioshindwa, mwingine hufika mahali akawaketisha wanafunzi kuzunguka andiko moja na kuwauliza maswali ya Kisokrate.

Jozi ya pili ni progresivizimu na rikonstraktivizimu, na hapa ulikuwa karibu zaidi. Zote humwanzisha mtoto kwenye tatizo halisi, zote hukataa kukariri. Tofauti ni nani anajua mwisho wa safari. Kwa John Dewey elimu ni kukua, na kukua huko hakuna kituo kilichopangwa kabla. Mtoto anajifunza njia ya kuchunguza, na uchunguzi utampeleka unakompeleka. George Counts alisimama mwaka 1932 mbele ya wanaprogresivizimu wenyewe akawauliza kama shule itathubutu kujenga jamii mpya. Lawama yake ilikuwa kwamba wanamzungumzia mtoto sana lakini hawana picha ya jamii wanayoitaka. Akaongeza kuwa mwalimu asiogope kuwaelekeza watoto upande fulani. Dewey hilo hakulikubali: ukishamwekea mtoto jibu, umeua uchunguzi. Mgogoro huo mmoja, ukiuandika kwa sentensi tatu, ni ulinganishaji kamili.

Ili usipotee katika chumba cha mtihani, chukua mada moja uipitishe kwa wote wanne. Chukua uchafuzi wa mto. Mwanaesenshalizimu anafafanua uchafuzi ni nini, vyanzo vyake na madhara yake, kisha jaribio la maandishi, na aliyeshindwa anarudia. Mwanaperenializimu hataanza na mto kabisa. Ataleta andiko la Aristotle linalosema kilicho cha wengi hutunzwa kidogo kuliko vyote, awaulize: je, ni kweli, na kwa nini? Mwanaprogresivizimu anangoja swali la wanafunzi wenyewe, tuseme kwa nini maji yananuka chini ya daraja na juu hayanuki. Wanakisia sababu, wanachota maji sehemu mbili, wanapima, wanakubali au wanatupa kisio lao. Mwanarikonstraktivizimu anachukua vipimo hivyohivyo na kuuliza nani anamwaga taka, nani anafaidika, nani anayanywa. Darasa lake haliishi mpaka wanafunzi wamepeleka hoja kwa wenye mamlaka. Umeona? Mto ni uleule, na tofauti zimejitokeza zenyewe bila wewe kuandika "kwa upande mwingine" mara kumi.

Kwa hiyo upange jibu kwa vigezo: lengo, kinachofundishwa, nafasi ya mwalimu, upimaji. Kila aya iwe kigezo kimoja na falsafa zote nne ndani yake. Kwa mfano, aya ya mwalimu ingeanza hivi: "Esenshalizimu na perenializimu humpa mwalimu mamlaka, lakini ya kwanza humpa kama mjuzi wa somo na ya pili kama mwongozaji wa hoja; progresivizimu humfanya msaidizi wa uchunguzi, na rikonstraktivizimu mchochezi wa mabadiliko." Sentensi moja, falsafa nne, na umeshalinganisha. Kisha unapanua ule mstari wenye ugomvi na mengine unayapita.

Kuna vitu viwili zaidi urekebishe. Umeandika kuwa katika progresivizimu "mwalimu hana kazi na mtoto hufanya atakalo". Hapana. Dewey mwenyewe mwaka 1938 aliwakosoa waliochukulia hivyo. Alisema si kila uzoefu unaelimisha, mwingine unadumaza, na kuuchagua ndiyo kazi ya mwalimu. Pili, ukurasa wa tatu umemleta Piaget chini ya rikonstraktivizimu. Hiyo ni konstraktivizimu, nadharia ya namna akili inavyojenga maarifa, haihusiani na kuijenga upya jamii. Majina yanakaribiana mno, na mkono ukiwa na haraka unateleza. Ukiona Piaget au Vygotsky anataka kuingia hapo, mtoe. Mweke Counts, au Theodore Brameld.

Sasa niambie: swali lenyewe limetaja alama ngapi, 20 au 25? Mnaruhusiwa kutoa maoni mwishoni, au ni kulinganisha tu? Na Saidi bado anasisitiza kwamba Paulo Freire, yule mwanaelimu wa Brazili, ni mwanaprogresivizimu? Muulize Freire alitaka wanaokandamizwa waelewe hali yao ili wafanye nini, kisha uniandikie alivyojibu. Je, unaweza kuiandika upya ile aya ya lengo tu, ukanitumia kabla ya Alhamisi?

Wako,
Salma