Barua kwa makatibu wapya wa vyama vya msingi: kiwanja cha ghala na Daftari Na. 1

Wanangu makatibu,

Mbukwenyi. Nawaandikia ninyi mliokabidhiwa madaftari ya vyama vyetu vya wakulima Chamwino, Kongwa, Mpwapwa na kwingineko huku Kanda ya Kati, vyama vya alizeti, vya zabibu na vya ufuta. Wengi wenu ni vijana, mmesoma, na mwandiko wenu unasomeka. Lakini kila nikionyeshwa mihtasari yenu kwenye makundi ya WhatsApp naingiwa na hofu. Mnaandika uamuzi peke yake. "Mkutano uliridhia ununuzi wa mizani." "Wajumbe walikubaliana kuhusu ghala." Basi. Aliyetoa hoja hatajwi, sharti halipo, aliyepinga amefutika. Leo mnaelewana kwa sababu mlikuwa ukumbini. Atakayesoma miaka ishirini na tano ijayo hatakuwa na bahati hiyo, na huyo ndiye nataka kuwaeleza habari zake, kwa kisa cha ghala la chama chetu.

Chama kiliandikishwa chini ya sheria ya ushirika ya 1991, wakati vyama vya msingi vilipokuwa vikianzishwa upya kwa hiari ya wanachama. Alizeti tulikuwa nayo, ghala hatukuwa nalo. Magunia yalilala sebuleni mwa watu, panya wakala sehemu yao, na mlanguzi aliyefika na fuso alitupangia bei kwa sababu alijua hatuna pa kuyaweka. Mwenyekiti wetu wa kwanza akasema kipande cha shamba lake kando ya barabara kingefaa. Ghala likajengwa kwa makato ya mauzo na kwa mikono yetu. Baadaye mzee yule alifariki, mkewe akamfuata, na kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza kiwanja ni cha nani.

Swali lilikuja na lami. Barabara ilipowekwa lami kila kipande cha kando yake kilipanda thamani, na wakati huohuo bodi yetu ikataka mkopo wa kununua mashine ya kukamua mafuta. Benki ikadai hati ya kiwanja. Siku ya kupima mipaka, watoto wa marehemu wakasimama pale wakaweka pingamizi: baba yetu aliwaazima, hakuwapa. Bodi ikajibu kwamba mzee alitoa zawadi, ikaleta na karatasi iliyopigwa chapa kutoka kwenye jalada, nakala ya muhtasari uliopelekwa wilayani enzi zile. Imeandikwa wazi: "Mwenyekiti ametoa kiwanja kwa ajili ya ghala la chama."

Mgogoro ule ulitutafuna. Wajukuu wa mzee na ndugu zao wakaacha kupeleka alizeti ghalani wakauza pembeni. Kwenye mkutano mmoja mtu alipendekeza mtoto mkubwa wa marehemu avuliwe uanachama, na wengine wakapiga makofi. Msibani watu walikaa makundi mawili. Nimeishi na watu hawa tangu utoto wangu, na sikuwahi kuona majirani wakinyimana salamu namna ile.

Aliyetutoa hapo ni mama tuliyemwita Mama Katibu, jina ambalo hata wajukuu wake walilitumia. Alikuwa katibu tangu siku ya kwanza hadi macho yalipomkataa. Bodi ilipomwendea kumwomba aje kutoa ushahidi, alikataa kusimulia. "Msiniulize nakumbuka nini," alisema. "Mimi ni mzee, na pande zote mbili ni watu wangu. Leteni Daftari Na. 1 lisomwe." Katibu aliyekuwa ofisini akasema daftari hilo halipo, madaftari yanaanzia Na. 3. Mama akamtuma mjukuu ndani, akatoka na nakala ya hati ya makabidhiano ya siku aliyoachia kazi, yenye saini ya aliyepokea. Mstari wa kwanza ulisema: "Daftari Na. 1, kauntabuku la kwaya mbili, kurasa 192, limejaa, limo kwenye sanduku la bati la bluu." Sanduku lilikuwa ghalani chini ya magunia chakavu. Ndani yake alikuwa ameweka majani ya mwarobaini, na mchwa hawakuwa wamegusa kitu.

Afisa ushirika wa wilaya alilisoma mbele ya watu wote, taratibu. Naweka hapa sehemu yenyewe, kwa sababu ndiyo shule ninayotaka muione.

"Ajenda ya 4: Kiwanja cha ghala. Mwenyekiti alimwachia kiti makamu wake kwa kuwa jambo linamhusu. Alieleza kuwa yuko tayari kuachia kipande cha hatua 70 kwa 40, kuanzia mbuyu hadi njia ya ng'ombe, kwa sharti kwamba chama kimhesabie hisa 40. Mkewe, mwanachama Na. 9, alisema wamezungumza nyumbani na ameafiki. Mwanachama Na. 22 alipinga, akasema hisa zilipwe kwa fedha kama wanavyolipa wengine. Walioafiki 47, waliopinga 6, wasiopiga kura 3 akiwemo mwenye kiwanja. Azimio: Mwenyekiti amebadilishana kwa hisa 40 kiwanja kwa ajili ya ghala la chama."

Ukumbi ulinyamaza. Mzee hakuazima na wala hakutoa zawadi. Kila upande ulikuwa umeshika nusu ya habari, na bodi, kwa miaka yote ile, ilikuwa haijawahi kuilipa familia gawio la hisa 40.

Mtoto mkubwa wa marehemu akainuka na swali zuri kuliko yote ya siku ile. Tutajuaje kwamba daftari halikuchezewa? Kwenye azimio, neno "ametoa" lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja, na juu yake limeandikwa "amebadilishana" pamoja na "kwa hisa 40". Anayetaka kudanganya angefanya hivyohivyo.

Jibu lilikuwa kwenye mkutano uliofuata, kurasa chache mbele. Chini ya kuthibitisha muhtasari, Mama Katibu alikuwa ameandika kwamba muhtasari ulisomwa kwa sauti, na Mwenyekiti akasema kwenye ajenda ya 4 neno "ametoa" si sahihi kwa kuwa hakutoa bure. Wajumbe wakakubali, likasahihishwa, ndipo muhtasari ukathibitishwa na kutiwa saini. Kando ya neno lililokatwa palikuwa na saini mbili, ya makamu na ya katibu. Neno la zamani lilisomeka bado, hakulifuta wala kulichana. Kurasa zote zilikuwa na namba za mkono wake tangu wa 1 hadi wa 192, bila pengo. Kwenye mahudhurio ya mkutano ule wa pili, mbele ya Na. 9, palikuwa na dole gumba la mama yao.

Hapo ndipo karatasi ya bodi nayo ikaeleweka. Haikuwa ya kughushi. Ilipigwa chapa mjini katika zile wiki kati ya mkutano wa kwanza na wa pili, kabla ya masahihisho, na rasimu ile ikabaki kwenye jalada kana kwamba ndiyo kauli ya mwisho. Haikuwa na saini ya mtu yeyote.

Afisa aliomba kitu kimoja zaidi, daftari la hisa. Jina la mzee lilikuwapo, hisa 40 siku moja, na kwenye safu ya namba ya stakabadhi, badala ya namba, palikuwa pameandikwa "Mk. Mkuu, aj. 4". Wakaguzi walikuwa wamelihoji mara kwa mara kama dosari, kwa kuwa hapakuwa na fedha iliyoingia. Sasa madaftari mawili yaliyoandikwa mahali tofauti yakasema neno moja.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kiliisha siku hiyo. Muhtasari si hati ya ardhi, na chama kililazimika kupita serikali ya kijiji na taratibu zake zote. Mbuyu upo hadi leo, lakini njia ya ng'ombe ilihamishwa barabara ilipopanuliwa, kwa hiyo mpaka wa upande ule daftari halikuweza kuuonyesha. Wazee wa jirani waliitwa, na mwishowe chama kikaachia ukanda mwembamba ili jambo liishe. Hisa zikaandikwa kwa majina ya warithi, na gawio lao likahesabiwa kwa miaka ambayo chama kiligawa. Pingamizi likaondolewa. Mkopo ulichelewa msimu mzima.

Sasa nawaomba mtazame alichofanya mama yule, kwa kuwa hakuna kilichohitaji elimu kubwa. Aliandika sharti. Maneno "kwa sharti kwamba" ndiyo yaliyoamua kesi nzima, na ndiyo ninayoyakosa kwenye mihtasari yenu. Mtu akisema nakubali iwapo, nitatoa endapo, tutaanza baada ya, andikeni hilo "iwapo" lake kabla hamjaandika azimio. Aliandika pia aliyepinga, pamoja na sababu yake. Mwanachama Na. 22 alishindwa kwa kura, lakini pingamizi lake ndilo lililothibitisha kwamba hisa zile hazikulipwa kwa fedha. Mkiandika "wote waliafiki" wakati sita walikataa, mnapoteza mashahidi sita.

Pili, someni muhtasari kwa sauti, wote, kabla ya kuuliza kama unathibitishwa. Najua mnavyofanya siku hizi: mnagawa karatasi, mnauliza kama kuna masahihisho, mnaingia yatokanayo. Katika vyama vyetu wapo wanaotia dole gumba. Hao hawatasahihisha karatasi. Mzee wetu alilisikia neno "ametoa" kwa sikio lake, ndiyo maana alilikataa.

Na muhtasari ambao haujathibitishwa usitoke ofisini bila maneno HAUJATHIBITISHWA juu yake kwa herufi kubwa, iwe ni nakala ya wilayani au picha ya simu. Ukishathibitishwa, pelekeni nakala yenye saini na mwombe ile ya kwanza iondolewe kwenye jalada. Jambo hili dogo lingetuokolea ugomvi wote ule.

Kabla ya mkutano mkuu ujao, kila mmoja wenu achukue hati yake ya makabidhiano akahesabu madaftari moja baada ya jingine, kuanzia Na. 1. Asiye na hati hiyo amwendee katibu aliyemtangulia waiandike pamoja, wangali hai wote wawili. Na kama daftari la kwanza halionekani, liulizieni mkutanoni, swali hilo nalo liandikwe.

Ni mimi mzee wenu,
Mwanachama mwanzilishi