Tarehe hufutika, namba ya bechi husahaulika

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu mmoja wa Sakina, Arusha, aliandika hapa akitushauri tuangalie barkodi, ile mistari myeusi, ili tujue kama bidhaa imepitwa na muda. Kwa heshima zote naomba nimsahihishe kabla watu hawajaanza kusimama madukani wakihesabu mistari. Barkodi ya kopo la maziwa ni ileile kwa kila kopo la aina hiyo na ujazo huo, liwe limetoka kiwandani mwezi uliopita au miaka mitatu iliyopita. Tarakimu tatu za mwanzo zinaonyesha kampuni ilisajili namba zake nchi gani, 620 ikiwa Tanzania, 616 ikiwa Kenya, na hata hizo hazikuhakikishii kwamba bidhaa ilitengenezwa huko. Tarehe haimo.

Kuna namba nyingine ndogo, kwa kawaida jirani na tarehe, ambayo karibu hakuna anayeisoma. Ni namba ya bechi, yaani ya fungu la bidhaa zilizotengenezwa pamoja. Mimi nilipokea mizigo kwenye stoo ya supamaketi moja ya Arusha kwa miaka 11 kabla sijarudi nyumbani Pasua, Moshi, na namba hiyo ndiyo iliyoniokoa mwezi uliopita.

Niliingia duka la Mangi jirani yetu kuchukua maziwa ya unga kwa ajili ya uji wa wajukuu. Kopo lile nalijua bei yake, na yeye aliliuza chini ya bei ya soko la Mbuyuni. Mangi kuuza chini ya Mbuyuni! Nikaligeuza palepale. Kitakoni mistari mitatu: juu namba ya bechi, 3065 na herufi mbili, chini yake tarehe ya kutengenezwa, MFG 06/03/2024, chini kabisa ya mwisho wa ubora, BB 06/03/2026. Miezi mitano bado, ukisoma hivyo.

Kilichonishtua kwanza ni maandishi yenyewe. Mashine za kiwandani zinazorushia wino kwenye makopo yanayopita huandika kwa nukta. Ukisogeza kopo karibu na jicho unaona kila tarakimu imejengwa kwa vitone vidogo, kama shanga zilizotungwa. Bechi ilikuwa ya vitone. Tarehe mbili za chini zilikuwa na mistari iliyojaa, mzito upande mmoja na hafifu upande mwingine, kama muhuri wa mpira uliobanwa kwa mkono. Nikalilaza kopo mlangoni mwanga uangukie kwa ubavu: kuzunguka tarehe kulikuwa na doa lililofifia, wakati bati lote lililobaki linang'aa. Wino wa kiwandani hautoki kirahisi kwa maji, lakini unatoka kwa spiriti au dawa ya kutolea rangi ya kucha, na dawa hiyo hula pia ule mng'ao wa juu wa bati.

Sikumshika mtu shati kwa hilo tu, na wasomaji nao wasifanye hivyo. Kwenye stoo nimeona tarehe halali zilizochafuka kwa sababu makopo yalisuguana njiani, au wino ulipigwa bati likiwa na unyevu. Msuguano hauna adabu: hufuta bechi, hufuta tarehe, huacha mkwaruzo mrefu, na kopo la pembeni huwa limepona. Mkono wa mtu hufuta mstari ule tu anaoutaka, tena kwa unadhifu, kwenye kila kopo. Makopo ya Mangi yaliyobaki kwenye rafu yote yalikuwa na doa pahali palepale.

Sasa ndiyo bechi. Viwanda vingi, ingawa si vyote, huunda namba hiyo kwa tarakimu ya mwisho ya mwaka, kisha siku ya mwaka kuanzia 001 hadi 365, au 366 kwa mwaka mrefu. Yaani 3065 ni siku ya 65 ya mwaka unaoishia na 3. Januari ina siku 31, Februari 2023 ilikuwa na 28, jumla 59. Ongeza sita unafika 65. Tarehe 6 Machi 2023. Kopo likasema lenyewe: lilizaliwa Machi 2023, na kwa muda wa miaka miwili ulioandikwa palepale, lilipaswa kutoka rafuni Machi 2025. Mtu alichofanya ni kuacha siku na mwezi vilivyo, akasogeza mwaka mmoja mbele pande zote mbili ili ile miaka miwili isivunjike. Hapo alikuwa mwerevu. Wengi hubadilisha tarehe ya mwisho peke yake, nawe ukipiga hesabu unakuta maziwa yana maisha ya miezi 31, kipindi ambacho sijawahi kukiona kiwanda kikikichagua. Vipindi nilivyovizoea stoo ni miezi 6, 9, 12, 18 au 24.

Lakini msomaji mwangalifu ataniuliza: umejuaje kwamba kiwanda hicho hutumia siku ya mwaka? Huenda 3065 ni namba ya zamu au ya mashine. Swali zuri, na ndipo watu wengi wanapokosea, kwa sababu mtu akishajifunza ujanja huu huanza kuona ulaghai kwenye kila biskuti. Nami sikujua. Nilichukua bajaji hadi Mbuyuni, nikaingia kwa wauzaji wawili wa jumla ninaowaamini, nikaomba kugeuza makopo ya kampuni ileile. La kwanza lilikuwa na bechi 4200, limetengenezwa 18/07/2024. Mwaka 2024 ulikuwa mrefu, Februari siku 29, hivyo Juni ilikwisha siku ya 182. Ongeza 18, ni 200 kamili. La pili 4312, 07/11/2024: Oktoba ilikwisha siku ya 305, ongeza 7, ni 312. Makopo mawili, maduka mawili, yanakubaliana. La Mangi ndilo lisilokubaliana.

Na hapa naomba mniruhusu nicheke kidogo. Tuseme yule mtu angekumbuka bechi akageuza 3 ikawa 4. Angesoma 4065, tarehe 6 Machi 2024. Bado angenaswa, kwa sababu katika mwaka mrefu siku ya 65 ni tarehe 5 Machi. Ile siku moja ya Februari ingemsaliti.

Asiyetaka kuhesabu miezi kwa vidole afanye hivi: zile tarakimu tatu azigawe kwa 30, aache baki, aongeze moja. 65 inakupa mwezi wa tatu, 200 wa saba, 312 wa kumi na moja. Karibu na mwanzo au mwisho wa mwezi hesabu hii inaweza kukosea kwa mwezi mmoja, lakini mlaghai anayeiba mwaka mzima huwezi kumkosa. Njia hiyo inafaa pia kwa bidhaa za nje zinazotanguliza mwezi kabla ya siku. Ukiona 06/03 hujui kama ni Machi au Juni, bechi ya mwaka mrefu yenye 066 au 155 itakuambia.

Wapo watakaosema nimekuza jambo, kwamba BB ni tarehe ya ubora tu, na maziwa ya unga hayageuki sumu usiku mmoja. Ni kweli tarehe hizo ni mbili. Miongozo ya kimataifa ya chakula ya Kodeksi, iliyorekebishwa 2018, inatenganisha tarehe ya ubora na ile ya mwisho wa kutumia, ambayo ikipita chakula hakifai kuuzwa wala kuliwa. Kwa ile ya ubora, kinachoshuka kwanza ni ladha na vitamini. Kwa maziwa yenye mafuta, mafuta yanachacha na unga unanuka kama rangi ya nyumba ya zamani. Ningeuziwa kopo lile kwa tarehe yake ya kweli ningeliacha, basi. Ila aliyefuta tarehe hakufuta BB pekee. Muhuri uleule unaweza kupigwa kwenye maziwa ya mtoto mchanga, ambaye hana chakula kingine na anategemea vitamini zilizoandikwa kwenye kopo ziwemo kweli hadi tarehe ile.

Niliporudi Mangi alikuwa hajui lolote, na namwamini. "Mama, mzigo uliletwa na kijana wa pikipiki, kasema wanafunga stoo." Nikamuuliza boksi liko wapi. Yaliletwa kwenye boksi la sabuni, limefungwa kamba. Hapo ndipo penye tatizo: boksi la kiwandani huwa na bechi na tarehe pembeni, na ni shida kulifuta kwa sababu karatasi hunywa wino. Mlaghai hulitupa. Enyi wenye maduka, mzigo usio na boksi lake wala risiti msiupokee, hata kama bei ni ya kutupa. Mangi alikuwa ameshauza makopo matano. Yaliyobaki, 19, ameyatoa rafuni. Simu ya kijana haipatikani.

Supamaketi nazo zisijione zimepona. Huko sijaona mihuri, nimeona gundi. Bidhaa ya nje inaruhusiwa kubandikwa karatasi ya Kiswahili, lakini karatasi halali huongeza maelezo na haikai juu ya tarehe. Ukikuta karatasi ya bei au ya ofa imekaa sawasawa juu ya tarehe, mwombe mhudumu aibandue mbele yako. Na zile ofa za viwili kwa bei ya kimoja, vilivyofungwa kwa utepe kitako kwa kitako: geuzeni, na kama utepe umeficha tarehe, iulizeni.

Kwa anayekuta kopo kama langu, piga picha ya kitako kabla hujaligusa kwa kitambaa, tunza risiti kama ipo, usilirudishe dukani kubadilishiwa kisha ushahidi ukapotea. Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, ingawa wengi wetu bado tunataja TFDA, na Kanda ya Kaskazini wana ofisi Arusha. Afisa afya wa kata naye ni mlango ulio karibu zaidi.

Nimeambatanisha picha ya vitako vitatu: cha Mangi na vile viwili vya Mbuyuni. Mkiichapisha, tafadhali msiipunguze ili kupata nafasi ya tangazo. Namba ya bechi ni ndogo sana, na cha Mangi nimekizungushia kalamu nyekundu.

Mtunza stoo mstaafu,
Pasua, Moshi
Oktoba 2025